Siku ya mafunzo juu ya wilti ya migomba: saa, fasi, muda, na vitu vya kuleta

Ndugu na dada wanamemba wa koperative,

Katika wiki zinazokuja, wamoniteri wa kilimo watapita katika vijiji vyenu na tangazo la siku ya mafunzo juu ya wilti, ule ugonjwa unaokausha migomba. Kila koperative itakuwa na siku yake na shamba lake, na moniteri wenu njo atawaambia tarehe. Mambo mengine yote ni sawasawa kila fasi: tunaanza saa tatu ya asubuhi, tunamaliza saa saba, na hakuna mtu atakayeleta panga.

Tunajua hilo la panga litashangaza wengi. Mafunzo ya shamba bila panga, ni mafunzo gani? Njo maana tunaandika karatasi hii mbele moniteri hajafika kwenu. Tunataka mujue kwa nini tangazo limeandikwa vile, neno kwa neno, ili mtu akilibadilisha kidogo njiani mutambue kwamba limeharibika na mumurudishie moniteri.

Kosa tulilolifanya sisi wenyewe

Miaka kadhaa iliyopita, wakati tulikuwa tumetoka tu ku chuo cha kilimo, tulitayarisha mafunzo kama haya kwa vijiji tano. Tangazo tuliandika kwa haraka, juu ya nusu ya karatasi: «Siku ya tatu, 9h, ku shamba la mama fulani. Kila mutu alete panga yake.» Tukapatia moniteri, naye akapatia wengine, na sisi tukaenda kulala tukifikiri kazi imekwisha.

Watu wa kijiji cha kwanza walifika siku mbili mbele. Mwenye kuwasomea tangazo alizoea Kiswahili cha radio na cha vitabu vya kanisa, basi «siku ya tatu» aliisikia kama Jumatatu. Lakini kwetu Kivu siku ya tatu ni Jumatano, kwa sababu tunahesabu siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, tukianzia nyuma ya siku ya Mungu. Wale watu walitembea karibu saa mbili, wakakuta shamba tupu, wakarudi. Jumatano hawakuja tena, na hatuwezi kuwalaumu.

Watu wa kijiji kingine walikuja siku yenyewe, lakini walifika wakati tulikuwa tunafunga vitu vyetu. Ku karatasi tuliandika 9h kwa namna ya Kifaransa, maana yake saa tatu ya asubuhi. Wao walisoma tisa, wakasema «saa tisa», na saa tisa ni nyuma ya chakula cha mchana. Hakuna aliyesoma vibaya. Sisi njo tuliandika vibaya.

Wale waliofika vizuri walikuwa karibu ishirini, na kila mmoja na panga yake mkononi, kama tulivyoomba. Tuliwaonyesha namna ya kukata majani makavu na namna ya kutoa mgomba mgonjwa. Wakajaribu wenyewe katika mistari miwili ya migomba ya yule mama, upande wa njia. Siku ile shamba lake lilikuwa zima. Tulilichagua kwa sababu lilikuwa zuri na lilipendeza macho.

Nyuma ya miezi miwili, moniteri alituita. Migomba ya yule mama ilikuwa inageuka manjano na kulegea, na ndizi zake zilikuwa zinaiva mbele hazijajaa. Tulipofika, tulitembea shamba lote. Migomba iliyougua ilikuwa katika ile mistari miwili tuliyoikata na watu, na upande wa pili wa shamba ulikuwa bado mzima. Wadudu nao wanaleta wilti, ni kweli, lakini wadudu hawachagui mistari miwili iliyo sawasawa upande wa njia. Mapanga yalitoka ku mashamba ya vijiji mbalimbali, na moja kati yao, ao zaidi, lilikuja na ugonjwa. Yule mama alikuwa mujane, na kasiksi ya migomba ile njo ilikuwa inalipa minervali ya watoto. Tangazo letu njo lilimuletea wilti.

Tangu siku ile, tangazo la mafunzo kwetu ni kazi ya kilimo sawa na kupanda ao kupalilia. Sasa tuangalie sehemu zake moja kwa moja.

Siku na saa

Katika tangazo jipya, siku inaandikwa mara tatu: jina lake la kwetu, jina lake la Kiswahili cha vitabu, na tarehe. Kwa mfano: «siku ya ine, njo kusema Alhamisi, tarehe 12». Kama mtu amechanganya jina moja, tarehe itamurudisha. Kama hana kalenda, moniteri anaongeza alama ambayo kijiji kizima kinajua: «siku moja nyuma ya soko». Hakuna mtu anayesahau siku ya soko.

Hatutaweka mafunzo ku siku ya soko, wala siku ya posho, kwa sababu kuna makanisa yanayosali siku ile, wala siku ya Mungu, wala siku ya salongo. Moniteri akikuta kwamba siku tuliyotoa inaangukia kilio ao arusi kubwa ya kijiji, atuambie mapema na tutabadilisha. Kubadilisha mbele ya tangazo ni rahisi. Kubadilisha nyuma yake kunaleta watu nusu siku hii na nusu siku ile.

Saa nayo inaandikwa kwa maneno, na wakati wa siku unafuata: «saa tatu ya asubuhi». Kisha kando tunaweka 9h00 kwa wale wanaoangalia simu. Usiandike namba moja peke yake, ikiwa 3 ao ikiwa 9, kwa sababu kila moja iko na maana mbili. Na musikilizaji wa radio akumbuke kwamba Kivu iko saa moja mbele ya Kinshasa. Kama radio inasema kwamba Kinshasa ni saa mbili ya asubuhi, kwetu ni saa tatu tayari. Wenzetu wa upande wa Kasindi na Bunagana wako na shida ingine: simu zao zinakamata rezo ya Uganda, na Uganda iko saa moja mbele yetu. Simu inabadilisha saa yenyewe bila kuuliza. Kwa wale, moniteri atasema wazi «saa ya Kongo».

Kwa nini saa tatu? Mtu anaweza kuamka, kufanya kazi kidogo ku shamba lake, kurudi, kunawa na kufika. Mama anaweza kupatia watoto chakula mbele ya kutoka. Na tukimaliza saa saba, walio mbali wanafika nyumbani mbele ya mvua ya mangaribi.

Muda: kwa nini saa ine, wala si moja

Wengi wanatuuliza kama hatuwezi kusema haraka na kumaliza kwa saa moja. Kusema tunaweza, lakini kuona hakuwezi kwenda haraka. Mutaona kwa sababu gani.

Saa ya kwanza ni ya kutembea shambani na kutazama alama. Mgomba wenye wilti, majani yake yanalegea na kugeuka manjano, kama umemwagiwa maji ya moto. Alama ile peke yake haitoshi, kwa sababu jua kali, njaa ya udongo na magonjwa mengine yanaweza kuleta manjano. Tunaangalia mkungu: ndizi moja moja zinaiva mapema, bila mpango, na ukikata moja utaona ndani doa la rangi ya kahawia ao la kutu. Tunaangalia pia ule ua jekundu unaoning'inia chini ya mkungu: unakunjana na kukauka.

Saa ya pili ni ya kukata mgomba mgonjwa mmoja na kungoja. Ukikata shina la mgomba wenye wilti, usaha wa rangi ya manjano unatoka polepole juu ya fasi iliyokatwa. Hautoki papo hapo. Unaanza kuonekana nyuma ya dakika tano hivi, na mara zingine dakika kumi na tano. Mwenye haraka ataangalia dakika moja, aseme «hakuna kitu», na aache mgomba ule. Tunataka kila mmoja asimame pale angoje na aone na macho yake. Mwenye kuona usaha ule mara moja hatausahau.

Saa ya tatu ni ya kusafisha chuma na kujifunza kutoa mgomba mmoja mmoja. Saa ya ine ni ya hesabu ya mashamba yenu wenyewe na maulizo. Tutaeleza hesabu ile chini.

Fasi: shamba gani, na kwa nini si shamba la prezida

Tangazo linasema fasi kwa namna ambayo mgeni angefika bila kuuliza: jina la kijiji, kisha kitu kisichohama, kama shule, kanisa, kituo cha afya ao kivuko, kisha upande wa kufuata. «Ku shamba la papa Yozefu» haitoshi; katika vijiji vitano kuna papa Yozefu wengi. «Toka ku depo ya koperative, fuata njia ya kisima, shamba la pili mkono wa kuume, moniteri atasimama ku njia» inatosha.

Tangu kosa letu, hatufanyi tena mafunzo ya wilti katika shamba zima. Tunachagua shamba ambalo ugonjwa umeingia tayari, na mwenye shamba amekubali mbele ya moniteri na mbele ya komite. Hivyo watu wanaona ugonjwa wenyewe badala ya kusikia hadisi yake, na hatumuletei mtu shida ambayo hakuwa nayo. Mara nyingi koperative inapenda kutupatia shamba la prezida kwa heshima. Tunashukuru, lakini kama shamba la prezida ni zima, heshima kubwa zaidi ni kukaa mbali nalo.

Kwa kuwa ni shamba lenye ugonjwa, kutoka kwake kunahitaji uangalifu sawa na kuingia. Mutaondoka bila jani, bila ndizi, bila mtoto wa mgomba, hata ukionekana mzima. Mgomba unaweza kubeba ugonjwa wiki kadhaa mbele ya kuonyesha alama yoyote.

Vitu vya kuleta

Leta daftari na bik, kama unaandika. Leta maji yako ya kunywa, na kitu cha kujifunika kama mvua inanyesha, lakini kisiwe jani la mgomba. Vaa viatu ao buti ambazo unaweza kuosha. Mama mwenye mtoto mchanga aje naye. Ikiwezekana aje pia na dada ao mtoto mukubwa wa kumushikia wakati wa kutembea shambani.

Na leta kifuko kidogo chenye punje za mahindi na punje za maharagi. Hii njo kazi ya nyumbani, na inafanywa siku moja ao mbili mbele ya mafunzo. Tembea shamba lako, kishina kwa kishina. Kishina ni ile familia moja ya migomba, mama pamoja na watoto wake. Kwa kila kishina ambacho hakuna alama yoyote, weka punje moja ya mahindi ndani ya kifuko. Kwa kila kishina chenye hata mgomba mmoja unaoonekana mgonjwa, weka punje moja ya haragi. Usikate kitu. Angalia tu, na uweke punje. Anayejua kuandika na asiyejua watakuwa na hesabu moja.

Tutatumia kifuko kile hivi. Tuseme mwanamemba mmoja ameleta mahindi 51 na maharagi 9. Shamba lake liko na vishina 60, na 9 vimeguswa. Zamani tungemwambia ang'oe vishina vile 9 na watoto wake wote, na pengine vya karibu pia. Ni kazi ya siku nyingi, inachosha mgongo, na inaacha familia bila chakula. Wengi walisikia maneno yale, wakaitikia, kisha hawakufanya kitu. Kumbe ugonjwa hauingii kila mara katika watoto wote wa kishina. Njo maana leo tunafundisha kukata shina moja lenye alama, chini kabisa sawa na udongo, na kuacha yale mengine ya kishina kile yasiyo na alama. Kisha unarudi kila wiki, unatembea tena, na unakata yanayoonyesha alama mapya.

Kwa yule mwenye maharagi 9, wiki ya kwanza inaweza kuwa mashina 9 ya kukata ao zaidi kidogo, kazi ya asubuhi moja. Wiki inayofuata ataona mengine, na asiogope: yale yalikuwa yameambukizwa tayari mbele aanze, ila hayakuwa yameonyesha. Kama anarudi bila kuruka wiki, maharagi katika kifuko chake yanapaswa kupungua mwezi kwa mwezi. Kama hayapungui, tunatafuta mambo mawili: ao anakata bila kusafisha panga, ao jirani yake hafanyi kitu. Njia hii iko na mpaka wake pia. Kama karibu shamba lote ni maharagi, kukata moja moja kutakuwa kama kuteka maji na kikapu. Mwenye shamba la namna ile azungumze na sisi kando, siku ileile.

Vitu vya kuacha nyumbani

Acha panga. Acha kisu na mundu. Acha jani lenye ugonjwa ulilotaka kutuonyesha, na ndizi yenye doa, na mtoto wa mgomba wa kupatia rafiki. Usifunge chakula chako katika jani la mgomba, na usikalie jani la mgomba ndani ya njia. Kama uko na simu ya picha, piga picha ya mgomba wako na uilete. Picha haiambukizi.

Sababu ni hii. Wilti inaletwa na bakteria, vidudu vidogo ambavyo jicho haliwezi kuona. Vinakaa ndani ya maji ya mgomba. Ukikata mgomba mgonjwa, maji yale yanabaki juu ya chuma. Ukikata mgomba mzima na chuma kile, umeupiga shindano la ugonjwa. Wadudu wanaotembelea ule ua la chini ya mkungu nao wanabeba. Ugonjwa huu ulijulikana kwanza Etiopia, na katika nchi yetu ulionekana Masisi, Kivu ya Kaskazini, mwaka wa 2001. Kutoka pale mpaka kwenu, sehemu kubwa ya njia ulibebwa na sisi watu: mapanga yetu, na watoto wa migomba tuliopatiana kwa upendo.

Siku ya mafunzo tutatumia mapanga mawili tu, ya mwenye shamba, na hayatatoka pale. Mutaona namna ya kuyasafisha. Kwanza unaondoa udongo na utomvu, kwa sababu dawa haifiki chini ya uchafu. Kisha unapitisha chuma ndani ya moto pande zote mbili mpaka kiwe moto sana, kiasi cha mkono kutoweza kukigusa. Kama hakuna moto, unatumia javeli: glasi moja ya javeli na glasi tano za maji, na unachovya chuma mbele ya kuhamia ku mgomba mwingine. Javeli ile ya ku soko inaweza kuwa imetiwa maji na muuzaji, ao imekaa wazi ku jua mpaka nguvu imeisha. Kama haina tena harufu ile ya kuwasha pua, usiiamini. Moto hauna udanganyifu.

Ule ua la chini ya mkungu hatutalikata na chuma hata kidogo. Mutajifunza kulivunja na kijiti chenye panda, mara tu chana la mwisho la ndizi likitokea. Vijiti tutavikata palepale.

Nani aje, na swali la franga

Nafasi ni 30. Zaidi ya hapo, wa nyuma hawaoni usaha, wanaona migongo ya wenzao. Kama koperative iko na vijiji vitano, kila kijiji kinatuma watu sita, na kati yao tunaomba nusu wawe wanawake. Mara nyingi baba njo anakata mkungu na mama njo anakata majani, na panga ni moja. Mmoja akisafisha na mwingine asisafishe, kazi ni bure.

Hatutalipa perdiemu wala transpori. Kutakuwa chakula kimoja saa saba, na maji ya kunawa. Tunaandika hili wazi kwa sababu zamani tulinyamaza, na watu wengine walifika wakingojea franga, wakakasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika kwa kuwa hakuna aliyewaambia. Mwenye kuona kwamba hawezi kuacha kazi yake kwa siku ile bila malipo, amwambie moniteri, na nafasi iende kwa mwingine.

Namna tangazo litapita

Moniteri atapokea tangazo likiwa limeandikwa, na mbele ya kuondoka atatusomea kwa sauti. Akikosea neno, tunabadilisha neno lile, kwa sababu kama yeye amekosea, wengine watakosea pia. Kisha atafika kwa shefu wa kijiji na kwa komite ya koperative, siku kumi mbele ya mafunzo. Nyuma ya pale litasomwa makanisani na ku soko. Siku mbili mbele, moniteri atakumbusha kwa simu wale sita wa kila kijiji.

Wewe mwanamemba unaweza kutusaidia kwa jambo moja. Ukisikia tangazo, usimuulize jirani yako «umesikia?». Kila mtu atajibu ndiyo. Muulize: «Ni siku gani, saa gani, na hatuleti nini?» Moniteri naye atafanya hivyo kwa watu watatu katika kijiji cha mbali zaidi. Kama watatu wanatoa jibu moja, tangazo limefika zima. Kama mmoja anasema saa tisa, ao anasema ananoa panga yake, moniteri anarudi siku ileile na kulisoma upya.

Hili hapa tangazo lenyewe, kama mutakavyolisikia. Tarehe na fasi ni za mfano. Moniteri ataweka zenu.

«Wanamemba wa koperative, mafunzo juu ya wilti ya migomba yatafanyika siku ya ine, njo kusema Alhamisi, tarehe 12, siku moja nyuma ya soko. Tunaanza saa tatu ya asubuhi, saa ya Kongo, 9h00. Tunamaliza saa saba, 13h00. Fasi: toka ku depo ya koperative, fuata njia ya kisima, shamba la pili mkono wa kuume, moniteri atasimama ku njia. Kila kijiji kitume watu sita, wanawake watatu na wanaume watatu. Kila mmoja alete: maji ya kunywa, kitu cha kujifunika mvua, daftari kama anaandika, na kifuko cha punje: haragi moja kwa kila kishina kigonjwa, hindi moja kwa kila kishina kizima. Asilete panga, kisu, jani, ndizi wala mtoto wa mgomba. Hakuna perdiemu. Kuna chakula kimoja saa saba. Mwenye swali amuulize moniteri mbele ya siku ile.»

Mvua ikinyesha asubuhi, tutangoja chini ya depo mpaka saa ine, kisha tutaingia. Mvua ikiendelea nyuma ya pale, tutarudi juma linalofuata, siku ileile, saa ileile, na moniteri ataita kila kijiji mbele ya jioni.

Yule mama tuliyemusema bado analima. Alikata mashina yenye alama wiki kwa wiki, akachoma panga yake ku moto kila mara, na leo anakata tena mikungu ya kasiksi katika sehemu ya shamba ile. Lakini mwaka ule wa kwanza watoto wawili walikaa nyumbani. Wakati moniteri atakaposema kwenu «asilete panga», tunaomba mukumbuke wale watoto wawili, na muache panga nyuma ya mlango.

Tutaonana shambani, saa tatu ya asubuhi.